Koo Linauma: Ni Virusi au Bakteria?

Baridi ya Julai inapouma mjini Eldoret, wengi wanaoumwa na koo hukimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu. Mara nyingi pesa hizo hupotea bure. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na dawa hizo haziui virusi.

Hata hivyo, wagonjwa wachache huwa na bakteria aitwaye streptokoka. Huyu si wa kupuuzwa. Mtoto asipotibiwa, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona anaweza kushikwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo.

Daktari huwatofautishaje? Hutazama dalili nne, kila moja ikiwa na alama moja:

1. Homa inayozidi nyuzi 38.
2. Mgonjwa hakohoi.
3. Tezi za mbele ya shingo, chini ya taya, zimevimba na zinauma zikiguswa.
4. Mafindofindo yamevimba au yana utando mweupe.

Mwenye umri wa miaka 3 hadi 14 huongezewa alama moja, kwa kuwa bakteria huyu hupenda watoto. Aliyefikisha miaka 45 hupunguziwa moja.

Tuseme katika nyumba moja mtaani Langas, mama wa miaka 30 na mwanawe wa miaka 8 wote wanaumwa na koo. Mama ana nyuzi 37.5, anakohoa, kamasi zinamtoka na sauti imekauka. Koo lake ni jekundu tu, na shingo haina uvimbe. Hana alama hata moja: ni virusi. Atumie maji ya chumvi kusukutua, vinywaji vya moto na dawa ya maumivu. Atapona kwa takriban wiki moja.

Mtoto ana nyuzi 38.8, hakohoi, tezi zinauma na mafindofindo yana utando. Hizo ni alama nne, na umri wake unafanya tano. Huyu apelekwe hospitali.

Hata alama tano si hakikisho. Karibu nusu ya wenye alama nyingi ndio huwa na bakteria huyu. Utando mweupe peke yake pia hudanganya, kwani baadhi ya virusi huuleta. Ndiyo sababu kuanzia alama mbili au tatu ni vyema koo lipimwe kwa pamba.

Akipatikana na streptokoka, hupewa penisilini ya kumeza kwa siku 10, au sindano moja ya ile idumuyo mwilini. Homa hushuka mapema, na hapo ndipo wazazi wengi husimamisha vidonge. Wasifanye hivyo, kwani bakteria waliosalia bado wanaweza kuanzisha madhara ya moyo.

Mgonjwa anayeshindwa kupumua, kumeza mate au kufungua kinywa asihesabiwe alama. Mpeleke hospitali mara moja.