Dondoo muhimu: Shukrani za msiba kwenye kundi la watu wa imani mbalimbali

Mazishi yamepita, na kundi la WhatsApp lililokusanya rambirambi linasubiri neno la familia. Humo wamo Waislamu, Wakristo, Wahindu, na pengine asiye na dini. Anzeni na walichofanya: "Mlituchangia usafiri na chakula, mkakesha nasi, mkachimba kaburi." Shukrani ikikamilika hapo, hakuna aliyeachwa nje, na dua inakuja kama nyongeza.

Dua iwe yenu, si yao. "Sisi kwa imani yetu tunamwomba Yesu awalipe" inapokelewa vizuri. Lakini "sote tuliookolewa kwa damu ya Yesu" inamfanya jirani Mwislamu ajiulize kama naye anashukuriwa. Ni hivyohivyo familia ya Kiislamu ikifunga kwa "Allah awalipe Pepo, enyi Waislamu wenzetu". Njia nyepesi ni "Mwenyezi Mungu awabariki", maana Wakristo na Waislamu wote huitumia. Kwa asiyeamini, ongezeni "tunawatakia afya na amani".

Msirundike "Jazakallahu khairan" na "Bwana Yesu asifiwe" katika sentensi moja ili kumridhisha kila mtu. Inasomeka kama hotuba ya mgombea ubunge. Maneno hayo yapelekeni kwenye ujumbe wa mtu binafsi, kwa yule ambaye mnaijua imani yake.

Na msimalizie kwa "semeni Amina". Anayenyamaza ataonekana amekataa dua, kumbe alikuja kufariji tu.