Dondoo muhimu: Kazi ikichelewa, andika hivi

Karani mdogo wa Kilwa Masoko hakumaliza orodha ya mahudhurio. Akaandika, “Umeme ulikatika.” Akafuta, bosi anakaa mtaa uleule. “Basi limekwama Nangurukuru.” Akafuta, madereva wangeulizwa. “Mtoto anaumwa.” Akafuta, kesho angeulizwa hali yake. Mwishowe akatuma:

“Shikamoo mama. Orodha haijakamilika, nilichelewa kuianza. Nimeingiza majina 40 kati ya 65. Nitaileta kesho saa 4 asubuhi. Naomba radhi.”

• Kosa litangulie, kwa sentensi moja. Maelezo marefu husikika kama kisingizio.
• Taja kilichokwisha na kilichobaki, ili bosi ajue la kupanga.
• Ahidi saa unayoiweza. Ukiikosa, hata ukweli wako hautaaminika tena.