Maswali na Majibu: Upara Unapoanza kwenye Panja na Utosini

Swali la 1. Kijana wa miaka 24, mnunuzi wa kakao hapa Mutwanga, analalamika kuwa panja zake zinapanda. Hana mwasho wala maumivu. Utaanza kuangalia wapi?

Jibu. Kisogoni, mahali ambapo halalamiki. Upara wa wanaume kwa kawaida hauzigusi nywele za kisogo, kwa hiyo hizo ndizo kipimo chako. Linganisha unene wake na za panja. Ukikuta kwenye panja nywele nene zimechanganyika na nyingine nyembamba, fupi, zinazokaribia kuwa malaika, hiyo ndiyo dalili ya mwanzo. Huonekana hata kabla ngozi haijawa wazi. Akiwa amenyolewa kwa mashine hadi ngozini hutaona kitu. Mwombe asinyoe kwa wiki mbili. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na nusu yake inatosha.

Swali la 2. Je, kila panja iliyopanda ni upara?

Jibu. Hapana, na hapa wanafunzi wengi hukosea. Baada ya kubalehe, mstari wa nywele wa utotoni hupanda kidogo kwa wanaume wengi, kisha hutulia, na nywele za ukingoni hubaki nene. Upara huendelea kupanda, na ukingo hudhoofika. Mwombe kadi yake ya mpiga kura ya 2023, uilinganishe picha na uso ulio mbele yako.

Swali la 3. Utosi unaangaliwaje?

Jibu. Mwenyewe hauoni, hivyo mara nyingi kinyozi ndiye wa kwanza kugundua. Mketishe karibu na mlango, ainamishe kichwa, mwanga umwangukie kutoka juu. Tazama pale nywele zinapozunguka: ngozi ikionekana zaidi kuliko kisogoni, na nywele zikiwa na unene tofauti tofauti, utosi umeanza. Unaweza kuanza huku panja zikiwa bado nzuri.

Swali la 4. Ni nini kinachosababisha?

Jibu. Homoni ya kiume inayotokana na testosteroni hufupisha muda wa unywele kukua, katika mashina yaliyorithi udhaifu huo. Urithi hutoka kwa baba na kwa mama pia.

Swali la 5. Lini utasema si upara huu?

Jibu. Nywele zikidondoka kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, kama ya tifoidi, fikiria homa hiyo. Mara nyingi zitarudi. Kiraka cha duara kilichotokea ghafla ni ugonjwa mwingine. Magamba na nywele zilizokatika huashiria fangasi. Ngozi inayong'aa, isiyo na vitundu vya nywele, ni kovu: mpeleke kwa daktari mapema, maana nywele zilizokufa hapo hazioti tena.

Swali la 6. Kwa kijana wetu, ukingo wa panja zote mbili umekutwa mwembamba, utosi na kisogo vinene. Utaandika nini kwenye fishi?

Jibu. «Upara wa wanaume, panja mbili, daraja la 2 la Hamilton na Norwood, utosi haujaguswa, hakuna kovu. Picha ya mbele na ya utosi leo, zirudiwe baada ya miezi 6, mwanga uleule.»