Somo kwa Akina Mama: Maumivu ya Kila Mwezi Baada ya Kuondolewa Kizazi

Mama msomaji, labda wewe ni mmoja wa wale waliopasuliwa na kuondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, au kutokwa na damu nyingi, au kizazi kupasuka wakati wa kuzaa. Kidonda kimepona, umerudi shambani, na damu ya mwezi haikuonekana tena. Lakini baada ya miezi kadhaa tumbo la chini linaanza kuuma. Linauma siku chache, linaacha; mwezi unaofuata linauma tena. Ndipo maneno yanaanza nyumbani. Mmoja anasema: “Damu yako inakusanyika ndani, kwa maana haina njia.” Mwingine anasema: “Mganga alikudanganya, kizazi kingali ndani.” Wa tatu anasema umerogwa. Katika somo hili tutaeleza maumivu hayo yanatoka wapi, na namna ya kuyatambua.

1. Kilichoondolewa na kilichobaki

Kizazi ni mfuko wa nyama ambamo mtoto hukua. Kando yake, mmoja kuume na mwingine kushoto, kuna vifuko viwili vidogo vya mayai, kila kimoja kama ukubwa wa tunda dogo la ndimu. Vifuko hivi si kizazi. Mganga anapoondoa kizazi cha mama ambaye bado hajazeeka, mara nyingi huviacha makusudi kama ni vizima, kwa sababu vinatengeneza homoni, yaani nguvu zinazopita katika damu na kusaidia mifupa, moyo na mwili wote.

Damu ya mwezi hutoka katika ngozi laini iliyo ndani ya kizazi. Ngozi hiyo hunenepa kila mwezi ikingoja mimba; mimba isipoingia, inabomoka na kutoka pamoja na damu. Kizazi chote kikiondolewa, ngozi hiyo haipo, wala hakuna damu ya mwezi inayotengenezwa. Basi haiwezi kukusanyika. Chemchemi ikiondolewa, hakuna maji ya kuzuiliwa.

Lakini vifuko vya mayai havijui ya kuwa kizazi kimeondolewa. Vinaendelea na kazi yao ya kila mwezi mpaka umri wa kukoma, ambao kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Kwa aliyeondolewa kizazi pengine vinachoka mapema kidogo. Ndiyo sababu unaweza kusikia maziwa mazito, tumbo kujaa, au moyo kuwa na huzuni siku fulani za mwezi, kama zamani, ingawa damu haionekani.

2. Sababu tatu zinazoonekana mara nyingi

Ya kwanza ni kutoka kwa yai. Kila mwezi tone la maji lenye yai ndani yake hukua katika kifuko kimoja mpaka lifike kama santimetri 2, kisha hupasuka. Yai huyeyuka mwilini bila madhara, lakini maji yale, na pengine damu kidogo sana, huchoma ngozi ya ndani ya tumbo. Maumivu haya huwa upande mmoja, kwa saa chache au siku moja au mbili. Mwezi mwingine huweza kuhamia upande wa pili. Huu si ugonjwa.

Ya pili ni kifuko kushikwa na kovu. Baada ya kupasuliwa, tumbo hupona ndani kwa makovu kama vile ngozi inavyopona nje. Pengine kovu hushika kifuko cha mayai na kukibana kwenye matumbo au juu ya uke. Kifuko kinapotaka kuvimba kwa kazi yake ya mwezi, hakipati nafasi. Maumivu yake hurudi upande ule ule, hukaa siku nyingi zaidi, na mara nyingi mama huumia ndani sana anapolala na mume wake. Wakati mwingine maji hujaa katika kifuko hicho na kufanya uvimbe.

Ya tatu ni ugonjwa uitwao endometriosi. Hapo vipande vidogo vya ngozi kama ile ya ndani ya kizazi vimeota nje yake, juu ya vifuko vya mayai au karibu na utumbo. Kuondoa kizazi hakuviondoi vyote, na homoni za vifuko huvilisha kila mwezi, vikavimba na kuuma. Mama mwenye ugonjwa huu mara nyingi aliteswa na maumivu makali ya mwezi tangu ujana wake, na pengine huumia anapokwenda choo kikubwa siku zile.

3. Namna ya kuyatambua: andika alama

Hospitalini mama akisema tu “tumbo linauma”, mganga hawezi kujua sababu. Lakini akileta karatasi yenye alama za miezi mitatu, kazi huwa nyepesi. Chukua kalenda au daftari. Kila siku ya maumivu andika M, pamoja na upande: kuume, kushoto au katikati. Kila siku ambayo maziwa yanauma au ni mazito andika Z. Siku ya kulala na mume ukaumia, andika alama nyingine. Asiyejua kuandika aombe mtoto wake amwandikie, au achore mistari.

Kisha tazama mambo mawili. Kwanza, hesabu siku kutoka mwanzo wa maumivu mpaka mwanzo wa maumivu yanayofuata. Zikiwa kama 25 mpaka 35, mwezi kwa mwezi, yaelekea maumivu yanafuata kazi ya vifuko. Kama hayana mpango, tafuta sababu nyingine, kama vile kibofu, choo kigumu au kidonda chenyewe.

Pili, tazama kama M ilitangulia Z, au Z ilitangulia M. Maziwa huwa mazito baada ya yai kutoka. Basi maumivu yakija kabla ya maziwa kujaa, mara nyingi yanatokana na yai au na kifuko kilichobanwa. Maziwa yakijaa kwanza, na maumivu yakaja siku zile ambazo damu ingaliweza kutoka, mganga atawaza zaidi juu ya endometriosi. Alama hizi haziamui kila jambo, lakini zinaonyesha njia.

4. Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 39 aliyeondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Baada ya miezi minane maumivu yalianza. Jamaa zake walimpa dawa ya majani ya “kushusha damu”. Akahara siku tatu, lakini maumivu yakarudi. Ndipo alipoandika alama. Maumivu yalianza tarehe 12 mwezi wa kwanza, tarehe 9 mwezi wa pili, tarehe 9 mwezi wa tatu, na tarehe 7 mwezi wa ine. Hesabu: siku 28, siku 28, siku 29. Kila mara yalikuwa upande wa kushoto, siku nne au tano, na maziwa yalijaa baadaye. Alama ya kuumia akilala na mume ilionekana mara nyingi.

Mganga alimpima kwa mkono, akaona mahali pa kushoto panapouma. Ekografi ilionyesha kifuko cha kushoto chenye maji safi, santimetri 4. Hakumpasua. Alimwambia arudi baada ya majuma 8, kwa maana maji ya namna hii mara nyingi huondoka yenyewe. Aliporudi, maji yalikuwa yamekwisha, lakini maumivu ya mwezi yalibaki. Basi mganga aliwaza kwamba kovu limekishika kifuko. Ekografi mara nyingi haionyeshi kovu. Upande usiobadilika, siku nyingi za maumivu na kuumia ndani ndivyo vilivyomwonyesha.

Akampa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Mama alishangaa: “Sina kizazi, ninapanga uzazi gani?” Mganga alieleza kwamba sindano hii hulaza vifuko ili yai lisitoke, na kifuko kisipovimba hakibanwi. Baada ya sindano ya pili maumivu yalipungua sana, akaweza kulima siku zote za mwezi.

5. Matibabu

Maumivu ya siku moja au mbili yanatosha kutulizwa kwa kitambaa chenye maji ya moto juu ya tumbo, na paracetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku moja. Ibuprofeni ya miligramu 400, mara tatu kwa siku baada ya chakula, hufaa pia, lakini asiitumie mwenye kidonda cha tumbo au ugonjwa wa figo.

Maumivu yakizidi hayo, mganga huweza kulaza vifuko kwa sindano au vidonge vya kupanga uzazi. Usijinunulie vidonge sokoni; namna nyingine hazimfai mwenye damu ya kupanda au aliyewahi kupata damu kuganda mguuni. Dawa hizi husaidia katika kovu na katika endometriosi pia.

Kupasua tena ni shauri la mwisho. Mganga huweza kukifungua kifuko kilichoshikwa au kukiondoa, lakini kila kupasua huweza kuleta makovu mapya, na kipande cha kifuko kikibaki, maumivu huweza kurudi. Kuondoa vifuko vyote viwili mapema huleta joto la ghafula, mifupa dhaifu na hatari kwa moyo. Kwa hiyo usidai viondolewe kwa sababu ya uchovu wa mwezi mmoja.

Usiingize majani ukeni, wala usipigwe bomba la dawa za kienyeji. Hakuna damu ya kushusha, unajichoma bure.

6. Usingoje kalenda

Njoo hospitali siku ile ile kama maumivu yamekuja ghafula, makali sana, upande mmoja, pamoja na kutapika, kwa maana kifuko huweza kujisokota. Njoo pia kama tumbo limevimba, unatapika, na huendi choo wala hewa haitoki. Au una homa na uchafu wenye harufu mbaya. Tumbo likikua polepole mwezi kwa mwezi, usikae nyumbani.

Ukiona damu ukeni, hata kidogo, njoo upimwe. Mara nyingine, hasa kizazi kilipoondolewa kwa haraka wakati wa kuzaa, mganga huacha mlango wa kizazi. Mama huyo huweza kuona matone machache kila mwezi, na anapaswa kuendelea kupimwa mlango huo kwa ajili ya kansa. Uliza mganga aliyekupasua, au tazama katika karatasi yako: mlango ulibaki au uliondolewa? Na vifuko, je, vilibaki viwili, au kimoja?

Maulizo

1. Kwa nini damu ya mwezi haiwezi kukusanyika kwa mama aliyeondolewa kizazi chote?
2. Maumivu ya kutoka kwa yai na ya kifuko kilichoshikwa na kovu yanatofautianaje?
3. Maziwa yakijaa kabla ya maumivu, mganga huwaza juu ya ugonjwa gani?
4. Kwa nini mama wa mfano alipewa sindano ya kupanga uzazi?
5. Taja mambo matatu ambayo mama asingoje bali aende hospitali siku ile ile.