Maswali na Majibu: Faida Iliyolala Ghalani

Mhasibu ametuletea hesabu mbili za mwezi mmoja. Ya kwanza inasema faida ni milioni 4, ya pili inasema milioni 12. Mauzo ni yaleyale. Ipi ni ya uongo?

Hakuna ya uongo. Barua za namna hii zimekuwa nyingi, kwa hiyo nazijibu zote kwa mfano mmoja wa kiwanda cha sabuni za mche. Kila katoni inauzwa shilingi 20,000. Mafuta, magadi, vifungashio na ujira wa vibarua wanaolipwa kwa katoni vinakula shilingi 12,000. Kodi ya jengo, mishahara ya wasimamizi na walinzi wa kiwanda ni milioni 40 kwa mwezi, uzalishe usizalishe. Ofisi na mauzo ni milioni 20 nyingine. Kwa kawaida kiwanda kinatoa katoni 10,000, na mwezi huu kimezitoa hizo 10,000, lakini zimeuzwa 8,000 tu.

Njia ya gharama zinazobadilika inaihesabu katoni kwa shilingi 12,000 peke yake. Kila katoni iliyouzwa inaacha 8,000, jumla milioni 64. Milioni 40 za kiwanda zinaondolewa zote mwezi huohuo, kisha 20 za ofisi, inabaki faida ya milioni 4. Njia ya gharama zote inagawa zile milioni 40 kwa katoni 10,000, hivyo kila katoni inabebeshwa 4,000 zaidi na gharama yake inakuwa 16,000. Katoni 8,000 zilizouzwa zinaacha 4,000 kila moja, yaani milioni 32. Ukiondoa 20 za ofisi, faida ni milioni 12. Tofauti ya milioni 8 haikutoka mbinguni. Ni katoni 2,000 zilizobaki ghalani, kila moja ikiwa imebeba shilingi 4,000 za kodi na mishahara ya mwezi huohuo. Fedha hizo zimekwisha kulipwa, lakini vitabu vinaziandika kuwa mali, si gharama.

Meneja wetu anasema faida imepanda kwa sababu tukizalisha kwa wingi gharama ya kila katoni inashuka. Je, si kweli kwamba uzalishaji mkubwa unaokoa fedha?

Kosa hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa limejificha nyuma ya ukweli. Ni kweli kwamba milioni 40 zikigawanywa kwa katoni 8,000 kila moja inabeba 5,000, zikigawanywa kwa 10,000 inabeba 4,000, na zikigawanywa kwa 12,500 inabeba 3,200. Lakini tazama kinachogawanywa: ni milioni 40 zilezile. Mwenye jengo hakupunguza kodi. Msimamizi hakurudisha mshahara. Hakuna hata shilingi moja iliyookolewa. Mzigo umetandazwa tu juu ya katoni nyingi zaidi, na sehemu ya katoni hizo bado hazina mnunuzi.

Tushikilie mauzo palepale kwenye katoni 8,000, tubadilishe uzalishaji peke yake. Kiwanda kikitoa 8,000, njia zote mbili zinatoa faida ya milioni 4, maana ghalani hakuna kitu kilichoongezeka. Kikitoa 10,000, njia ya gharama zote inasema 12. Kikikesha na kutoa 12,500, katoni inahesabiwa 15,200 na njia hiyohiyo inasema milioni 18.4. Njia ya gharama zinazobadilika inabaki kwenye 4 mara zote tatu. Wateja ni walewale, bei ni ileile, na faida imepanda zaidi ya mara nne kwa sababu mashine hazikuzimwa.

Sasa hesabu fedha taslimu, tukichukulia kwamba kila kinachouzwa na kununuliwa kinalipwa papo hapo. Mauzo yameingiza milioni 160. Kwa katoni 8,000 zilizozalishwa zimetoka milioni 156, zikabaki 4. Kwa katoni 10,000 zimetoka 180, pakawa na upungufu wa 20. Kwa 12,500 zimetoka 210, upungufu wa milioni 50. Kadiri faida ya kwenye karatasi inavyopanda, ndivyo benki inavyokauka. Anayesema kwamba ameokoa fedha aulizwe ziko wapi.

Njia ipi inatoa faida kubwa siku zote?

Hakuna. Tazama bidhaa za ghalani: zikiongezeka, njia ya gharama zote iko juu; zikipungua, iko chini. Mwezi unaofuata kiwanda chetu kikizalisha 8,000 na kuuza 10,000, njia ya gharama zinazobadilika itasema milioni 20, ile ya gharama zote itasema 12. Jumlisha miezi miwili: kila njia inatoa milioni 24. Tofauti ni ya lini gharama inaandikwa.

Je, tunaweza kupeleka kwa mkaguzi hesabu za gharama zinazobadilika?

Hapana. Kiwango cha kimataifa IAS 2 kinataka bidhaa zilizobaki zibebe sehemu ya gharama za kudumu za uzalishaji. Hesabu ya gharama zinazobadilika ni ya ndani, ya kuamulia mambo.

Kama kiwango chenyewe kinaruhusu, kosa la meneja anayezalisha zaidi liko wapi?

Barua nne zimeuliza hili kwa maneno tofauti, mbili zikitaja washauri wanaouza mbinu hii kama dawa ya hesabu mbaya. Hoja yao ina sehemu ya haki. Bila jengo na wasimamizi sabuni isingekuwepo, kwa hiyo si upuuzi kusema kodi ni sehemu ya gharama ya sabuni. Mshonaji wa sare za shule anayejaza ghala kabla ya Januari, akijua kwamba msimu ukifika mashine zake hazitatosha, anaweka akiba yenye faida ya kweli. Kwake, njia ya gharama zinazobadilika itaonyesha hasara miezi ya kushona na faida nono mwezi wa kuuza, picha inayoweza kumpotosha asiyejua msimu.

Lakini hoja hiyo inasimama pale tu ambapo mauzo yajayo yatazidi uwezo wa kiwanda. Pasipo hivyo, katoni ya leo haiokoi chochote kesho, kwa sababu kodi ya kesho italipwa vilevile. Na kiwango chenyewe kimeweka mipaka: mgawo unafuata uzalishaji wa kawaida, gharama za uwezo uliokaa bure zinaandikwa hasara mwezi huohuo, na bidhaa haziwezi kubaki vitabuni kwa thamani inayozidi kile zitakachoingiza zikiuzwa, baada ya kuondoa gharama za kuziuza. Sabuni iliyopasuka au kupoteza harufu lazima ishushwe thamani, na hapo faida ya mwaka jana inageuka hasara ya mwaka huu.

Mwenye kiwanda atalitambua jambo hili mapema akiweka taarifa tatu za miezi mfululizo pamoja: faida, katoni zilizoko ghalani, na salio la benki. Faida ikipanda huku ghala likijaa na salio likishuka, achukue idadi ya katoni zilizoongezeka aizidishe kwa gharama ya kudumu iliyobebeshwa kila moja, kisha aiondoe kwenye faida. Mgawo ukiwa umebadilika kati ya miezi, atoe gharama za kudumu zilizokuwa kwenye bidhaa za mwanzo kutoka zile zilizomo kwenye bidhaa za mwisho, na tofauti hiyo ndiyo aiondoe kwenye faida. Kinachobaki ndicho cha kumpimia meneja bonasi.

Hasara yetu iondolewe kwa kuongeza uzalishaji kabla ya kufunga mwaka?

Uza kwanza.