Kabla Hujasaini Mkupuo: Namna ya Kupima Fedha za Kesho kwa Bei ya Leo

Mwalimu yeyote wa Kibaha aliyekaribia kustaafu anaijua namba 12.5. Imo ndani ya kanuni ya mafao ya PSSSF, na watu huibishania hata kwenye foleni ya daladala pale Maili Moja. Wengi wanajua kwamba inazidishwa, lakini ni wachache wanaojua inafanya kazi gani. Namba hiyo ndiyo inayogeuza pensheni ya kila mwezi kuwa fedha ya mkononi, na ukiielewa utaweza kupima mkupuo mwingine wowote utakaowekwa mbele yako, uwe wa fidia ya ajali, wa kodi ya shamba au wa deni linalolipwa kwa awamu.

Tuanze na mwalimu huyo. Tuseme amechangia miezi 406, na wastani wa mshahara wake wa mwaka unaotumika kwenye hesabu ni milioni 12. Kanuni inasema gawa miezi yake kwa 580, kisha zidisha kwa mshahara huo. Anapata pensheni kamili ya shilingi 8,400,000 kwa mwaka. Tangu mwaka wa fedha 2024/25, kundi la watumishi wa umma lililokuwa limeshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 linapata mkupuo wa asilimia 40. Asilimia 40 ya pensheni yake ni 3,360,000 kwa mwaka. Hiyo anaiachia, na kwa kuiachia analipwa mara 12.5, yaani milioni 42 taslimu. Iliyobaki, shilingi 420,000 kwa mwezi, inaendelea kuingia benki maisha yake yote.

Sasa jiulize: kwa nini 12.5 na si 20? Kwa sababu shilingi utakayoipata miaka kumi ijayo haina thamani ya shilingi iliyo mfukoni leo. Ya leo ingeweza kuzaa. Ukichukua shilingi moja inayolipwa kila mwaka kwa miaka 20, ukaipunguza kwa riba ya asilimia 5 kwa kila mwaka wa kungoja, jumla yake kwa bei ya leo inakaribia sana 12.5. Kanuni ya zamani ya watumishi wa umma ilitumia 15.5, ambayo kwa miaka hiyohiyo 20 ni kama riba ya asilimia 2.5 tu. Wataalamu wa mifuko huingiza pia umri wa kuishi, kwa hiyo hii ni njia yangu ya kuisoma namba, si namna walivyoipata. Lakini inaonyesha jambo ambalo kelele za mwaka 2018 zililifunika. Watu walipigania asilimia 50 isiwe 25, mpaka Rais Magufuli akaisitisha kanuni mpya Desemba mwaka huo, na walikuwa na haki. Hata hivyo kushuka kutoka 15.5 hadi 12.5 peke yake kunakata karibu sehemu moja ya tano ya mkupuo, kabla asilimia haijaguswa. Riba ya kupunguzia ikipanda, mkupuo unashuka. Hilo ndilo la kushika katika yote yanayofuata.

Mwalimu hachagui riba, kanuni imeshamchagulia. Twende Kisarawe, kwa mtu ambaye riba yake bado inajadiliwa.

Tuseme mama mmoja wa Maneromango aligongwa na lori, akabaki na ulemavu wa mguu. Kesi ilifika mahakamani, pande mbili zikaelewana, na maelewano yakaandikwa kuwa hukumu: mwenye lori amlipe shilingi 500,000 kila mwezi kwa miaka mitano. Mwaka mmoja umepita na imebaki miezi 48, sawa na milioni 24. Ndipo mwenye lori anamtuma mtu: “Mama, shikamoo. Bosi anasema kuliko kusumbuana kila mwezi, chukua milioni 15 leo, tumalizane.”

Milioni 15 ni nyingi au ni kidogo? Usijibu kwa kuangalia milioni 24 na kutoa. Pima kila malipo kwa muda wake wa kungoja. Tukitumia riba ya asilimia 1 kwa mwezi, laki tano ya mwezi wa 12 tunaigawa kwa 1.01 mara kumi na mbili, inakuwa kama 443,700 kwa bei ya leo. Ya mwezi wa 48, ya mwisho kabisa, inakuwa kama 310,100. Ya mwezi ujao inapungua kwa elfu tano hivi tu. Ukizijumlisha zote 48 unapata takriban shilingi 18,987,000. Mwenye kompyuta, au simu yenye programu ya majedwali, anaandika mstari mmoja:

```
=PV(0.01,48,-500000)
```

Asiye nayo atumie njia ya mkato ninayoipenda kwa sababu inawezekana kwa kikokotoo cha simu ya kitochi. Malipo ni sawa kila mwezi, kwa hiyo kwa wastani shilingi zako zinangoja nusu ya muda, kama miezi 24. Chukua milioni 24, gawa kwa 1.01 mara ishirini na nne. Utapata kama 18,900,000. Tofauti na hesabu kamili haifiki laki moja, na kwa mazungumzo ya chini ya mwembe inatosha kabisa. Kwa miaka mingi zaidi au riba kubwa njia hii huanza kupotoka, hapo tafuta kompyuta.

Kisha geuza swali. Badala ya kuuliza milioni 15 ni nyingi au kidogo, uliza: huyu ananikata riba gani?

```
=RATE(48,-500000,15000000)
```

Jibu ni karibu asilimia 2.1 kwa mwezi, yaani zaidi ya 25 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mama akikubali, ni kama amekopa milioni 15 kwa riba hiyo na anarejesha laki tano kila mwezi kwa miaka minne, ila marejesho yanakatwa kabla hayajamfikia. Ukilitazama hivyo, ofa inapimika.

Riba ipi basi ni ya haki? Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu hutafuta riba moja iliyo sahihi kwa kila mtu. Haipo. Riba ya mama ni ile ambayo fedha hizo zingemzalishia, au zingemwokoa kulipa, akiwa nazo leo. Kama ataziweka kwenye hatifungani za serikali, ambazo mtu wa kawaida anaweza kuanza nazo kwa milioni moja kupitia benki yake, kipimo chake ni mapato ya hatifungani. Kati ya mwaka 2022 na 2024 zile za miaka 20 na 25 zilitoka na riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka. Asilimia 1 kwa mwezi niliyotumia juu imekaa karibu na hapo. Ukipandisha hadi 15 kwa mwaka, mkupuo wa haki unashuka kuwa kama milioni 17.97. Ukipandisha hadi 24, unakuwa milioni 15.3. Kwa hiyo ofa ya milioni 15 iko chini hata ya riba ya 24, ambayo mama huyu hataipata salama popote.

Lakini tuseme ana deni la milioni 4 kwa taasisi ndogo ya mikopo, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja hilo. Kila mwezi unaopita deni hilo linamla kuliko punguzo la mwenye lori. Kwa fedha ya kulilipa, hata asilimia 2.1 ni nafuu. Ila ni kwa milioni 4 tu, si kwa 15. Na hakuna sheria ya asili inayosema lazima auze malipo yote. Anaweza kusema: nipe mkupuo kwa laki moja na nusu ya kila mwezi, nyingine laki tatu na nusu endelea kunilipa kama hukumu inavyosema. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, laki moja na nusu kwa miezi 48 ni karibu milioni 5.7 leo. Deni linaisha, na chakula cha mwezi kinabaki. Mimi ningemshauri hivyo kabla ya kitu kingine chochote, maana mguu hauponi kwa mkupuo, na mwezi wa 40 utafika na mahitaji yake.

Inabaki hofu ya kutolipwa. Mwenye lori amechelewesha mara tatu, huenda akafilisika. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini usiichanganye ndani ya riba, kwa sababu huko utashindwa kuiona. Ipime kando. Kama unaamini kati ya malipo kumi moja litapotea, toa asilimia 10 kwenye milioni 18.99, inabaki kama milioni 17.1. Sasa unajua hofu yako imekugharimu shilingi ngapi, na unaweza kujiuliza kama inastahili. Na anayechelewesha kwa makusudi kisha akaja kuomba punguzo kwa sababu “malipo hayana uhakika” anataka kulipwa kwa kosa lake mwenyewe. Hilo mwambie waziwazi.

Jihadhari pia na hesabu ya mkato isiyo ya kweli. Mtu wa kati atakuambia: “Riba ni asilimia 12 tu kwa mwaka, mara miaka minne ni 48, tunakata 48 kwenye milioni 24.” Inabaki milioni 12.48, na inasikika kama hesabu. Kosa lake ni kwamba anakata miaka minne kwenye kila shilingi, wakati ya kwanza inangoja mwezi mmoja tu. Ukisikia asilimia inazidishwa kwa miaka yote kisha inatolewa kwenye jumla, simamisha mazungumzo na uombe hesabu ya mwezi kwa mwezi.

Mkikubaliana, msimalizie barazani. Hukumu ya awali ilikuwa ya mahakama, kwa hiyo mabadiliko nayo yaandikwe huko. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 21 kanuni ya 2, malipo ya hukumu yaliyofanyika nje ya mahakama bila kuthibitishwa mbele yake hayatambuliwi na mahakama inayotekeleza hukumu. Kuyathibitisha huko kunamlinda mlipaji asidaiwe mara mbili, na kunampa mama nafasi ya hakimu kuona kiasi kabla ya faili kufungwa. Hati itaje miezi iliyobaki, kiasi cha kila mwezi, riba iliyotumika na tarehe ya fedha kuingia benki. Asisaini kwamba amelipwa kabla fedha haijaonekana kwenye akaunti.

Kwa mama wa Maneromango, milioni 15 ni ndogo. Aanzie milioni 19, na akisukumwa na hofu ya kutolipwa asishuke chini ya 17. Chini ya hapo, aendelee kupokea laki tano yake kila mwezi.