Sanduku la Maoni: Tuanze na Lalamiko Lipi?

Msimamizi wa ubora katika kituo cha afya, kiwe Tarime au Serengeti, anapofungua sanduku la maoni hukuta karatasi nyingi zisizo na mpangilio. Chati ya Pareto humsaidia kuamua aanze wapi.

Tuchukue mfano wa kufundishia wa malalamiko 50 ya mwezi mmoja. Yapange kuanzia kundi kubwa: kusubiri muda mrefu 21, kukosa dawa 14, lugha ya watumishi 7, uchafu wa vyoo 4. Kundi la “mengineyo”, lenye 4, huwekwa mwisho daima. Kila idadi igawanye kwa 50, kisha zidisha kwa 100: 42, 28, 14, 8 na 8. Ukijumlisha hatua kwa hatua, asilimia limbikizi ni 42, 70, 84, 92 na 100.

Chora pau za idadi. Kipimo cha kushoto kiishie 50 na cha kulia asilimia 100, kwa kimo kimoja. Kisha pitisha mstari wa asilimia limbikizi. Mstari hupanda kwa kasi hadi 70, halafu hulegea. Basi foleni na dawa ndizo za kuanza nazo.

Hata hivyo, chati huhesabu karatasi, haipimi madhara. Iwapo ndani ya “mengineyo” mgonjwa mmoja ameandika kwamba alipewa dawa ya mtu mwingine, lalamiko hilo lishughulikiwe siku hiyo hiyo. Naye asiyejua kuandika hayumo sandukuni: aulizwe kwa mdomo atokapo dirisha la dawa, na jibu lake lihesabiwe.